Mama Endapo na Ushauri Uliokuwa Sharti

Pale ofisi ya tafsiri ya mahakama mhakiki wetu tunamwita Mama Endapo, na jina lenyewe tulimpa kwa hasira. Kazi yake ni kuhakiki muhtasari wa hukumu kabla haujawafikia wananchi. Huweka hukumu ya Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, kisha hupigia mstari mwekundu kila sharti na kila neno la tahadhari la hakimu, akitafuta neno linalolingana nalo upande wa pili. Asipolipata, hapana chai kwa mtu yeyote. Mimi nimekaa meza ya jirani naye miaka mingi, na amenichosha.

Safari hii alikuwa na haki ya kufura. Bosi, kwa haraka zake, aliubandika ubaoni muhtasari wa kesi ya mjane mmoja na shemeji zake waliogombea nyumba, kabla haujahakikiwa. Mama Endapo aliupata baadaye, katika rundo la kuhifadhiwa.

"Nani kaandika hapa 'imethibitika'?" aliuliza. "Hakimu kasema kwa ushahidi uliopo sasa, inaelekea mjane alichangia kuijenga nyumba. Inaelekea."

"Watu wanataka jibu, mama," alisema Bingwa, mfasiri wetu kijana. "Tuliambiwa tutumie lugha laini."

"Na huku je? Hukumu inasema atabaki ndani ya nyumba endapo atafungua shauri la mirathi ndani ya siku sitini. Asipofungua, amri inakoma. Wewe umeandika mahakama inamshauri afungue mirathi. Siku ziko wapi?"

"Nilitaka ukurasa mmoja utoshe."

Mama Endapo alivua miwani. Mimi nilitazama kalenda. Siku ya mwisho ya zile sitini ilikuwa kesho.

Bosi alipoitwa alisema tubandike masahihisho, kwani hata hivyo muhtasari si amri. Chenye nguvu ni hukumu yenyewe. Kweli tupu, lakini ilinikera mpaka kwenye mifupa. Mjane hasomi Kiingereza, alichosoma ni karatasi yetu. Mama Endapo alichukua namba ya mjane kwenye jalada, akampigia.

Mjane alifika akihema, nakala aliyopewa ya karatasi yetu imekunjwa ndani ya mkoba. Mama Endapo alimsomea sharti pole pole, mara mbili.

"Mimi nilijua mnanishauri," alisema mjane. "Nikasema nitakwenda moyo ukitulia. Kwa hiyo kesho ikipita?"

"Amri inayokulinda inakwisha, dada yangu. Shemeji zako wanaweza kurudi kudai utoke. Cheti cha kifo unacho?"

"Kiko nyumbani."

"Kilete sasa hivi. Nakungoja hapa, tutapeleka maombi pamoja masjala."

Bingwa alisimama, akaanza kuomba radhi: alitaka tu asimtishe mtu aliyefiwa. Mjane alikuwa ameshafika mlangoni. Aligeuka, akamtazama bila hasira, na hilo ndilo lililotuuma sote.

"Mwanangu," alisema, "heri ungenitisha."