Sekunde Tisini za Mfinyanzi wa Wambaa

Mfinyanzi alikubali kupigwa picha kwa sharti moja, nalo alilitoa kabla hata sijaitikiwa shikamoo yangu ya pili.

"Hiyo video yenu, Arabuni inafika?"

Nikamwambia inafika popote penye simu. Akanipisha uani.

Mimi nilikuwa mwandishi wa kituo kidogo cha mtandaoni pale Chake, na kazi yangu ilikuwa kutengeneza filamu fupi za mafundi wa kisiwani. Sekunde tisini, basi. Mhariri wetu alikuwa akisema kwamba baada ya hapo mtu anakipandisha kidole kwenye kioo cha simu na kwenda zake.

Bibi huyu alikuwa na binti mmoja tu, aliyekwenda Oman kufanya kazi za nyumbani. Mwanzo alikuwa akipiga simu kila Ijumaa baada ya sala. Kisha simu zikakatika. Wakala aliyempeleka hakupatikana tena, namba yake ikawa haipo. Bibi alikwishakwenda kwa sheha wa kijiji, polisi, na kwa kila msafiri aliyemsikia anarudi.

Haya yote alinieleza huku kamera ikimfuata mikono. Aliukanda udongo kwa kisigino, akauchanganya na mchanga ili chungu kisipasuke motoni. Aliviringisha mikia ya udongo, akaipandisha mmoja juu ya mwingine, akiparuza kwa kifuu ndani na nje mpaka maungio yakapotea. Vyungu vya awali vilivyokwisha kukauka kivulini alivizungushia moto mdogo kwanza vipate joto, ndipo akavifunika kwa makumbi ya nazi na makuti makavu, akawasha. Vilipopoa akavigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole. Kizima kinalia, chenye ufa kinajibu kwa sauti iliyokufa.

"Mwanangu," aliniambia akiwa bado ameinama, "mtaje binti yangu. Useme mamake yu hai, anamtafuta."

Nilirudi Chake nikaandika masimulizi. Kwa kasi ya kusoma inayosikilizika, sekunde tisini hubeba kama maneno mia na hamsini, na hapo hujaacha nafasi ya sauti za pale penyewe. Yangu yalikuwa karibu mara mbili. Nikayasoma kwa sauti, saa ya simu ikihesabu, nikakata. Niliondoa kila sentensi iliyoeleza kinachoonekana: mtu akiona kisigino kinakanda, hana haja ya kuambiwa kinakanda. Nikabaki na udongo unakotoka, mchanga, moto, na binti mwishoni.

Mhariri akausoma mswada, akaipigia mstari sehemu ya binti.

"Hii ni filamu ya fundi. Tangazo la aliyepotea lina taratibu zake."

"Taratibu zote keshazifuata, bosi."

"Na kama mwajiri wa binti akiiona, akamtesa? Umelifikiria hilo?"

Sikuwa nimelifikiria. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nina hofu ya kusema na hofu ya kunyamaza. Kisha nikampigia bibi, nikamweleza hatari yenyewe.

"Basi usimtaje jina. Niache niseme mwenyewe. Sauti yangu anaijua."

Nilimrudia kijijini kwake Wambaa kesho yake. Akasema mara moja tu, mbele ya moto wake uliokwisha kuwa majivu: "Mwanangu, mie nipo. Nipigie."

Ili maneno yale yapate nafasi, nilifuta masimulizi yangu yote ya sehemu ya mwisho. Nilijirekodi nimejifunika godoro, nikizuia feni na pikipiki za barabarani, nikaiweka sauti yangu chini ya picha za udongo na moto. Baada ya kugongwa chungu cha mwisho nikanyamaza. Akasema bibi. Mhariri aliitazama mara mbili, akairusha.

Watu waliisambaza sana, wakisifia vyungu. Kila siku bibi alinipigia kuuliza, nami nikawa naiogopa simu yangu. Ilifika pahala nikaiacha ilie.

Hatimaye ukaja kwenye simu yangu ujumbe wa sauti wa mwanamke asiyejitambulisha, lahaja yake ya Kipemba kabisa. Alisema alimwona binti wa mfinyanzi, anayemjua tangu nyumbani, hospitalini Muscat, amekonda, mkono umefungwa bandeji. Walisemezana kidogo, mwenye nyumba akaja akamchukua. Simu kanyang'anywa. Nyumba anakofanyia kazi, mwanamke huyu haijui.

Nilimpelekea bibi ile sauti na kumsikilizisha. Alikaa chini palepale uani.

"Kasema kamwona?"

"Kasema kamwona, bi."

"Yu hai."

"Alikuwa hai siku hiyo."

Tuliipeleka ile sauti kwa wanaohusika, wakaipokea, wakasema tusubiri. Tunasubiri mpaka leo. Nikienda Wambaa huniomba nimwekee, si filamu, ile sauti ya mgeni. Huisikiliza ameiegemeza simu sikioni, na ikifika kwenye bandeji huniuliza kama nadhani ni mkono wa kulia.