Mfano Uliofutwa

Mhadhiri wa sheria alikuwa amebadili dini kimyakimya, na mama yake hakuwa na habari. Katika ikisiri ya mada yake ya kongamano aliandika kwamba dola inaweza kuwekea mipaka matendo ya ibada, lakini si imani ya moyoni wala uamuzi wa kuibadili.

Mratibu wa kongamano akamwambia, "Dada, wengi watakaosikiliza si wanasheria. Wape mfano wa mtu."

Mfano alioujua fika ulikuwa yeye mwenyewe: msajili wa serikali alikataa kurekebisha dini iliyoandikwa kwenye kumbukumbu zake bila idhini ya viongozi wa dini aliyoiacha. Akaandika, "Mwanamke mmoja," kisha akafuta.

Simu ikaita. "Mwanangu, kesho tunasali wote, sivyo?"

"Ndiyo, mama," akajibu, akaituma ikisiri kama ilivyokuwa.