Vivuli vya Picha Namba Kumi na Nne

Mwenyekiti wa shindano la picha za wanafunzi alinipigia simu Ijumaa mchana, na shindano lenyewe lilikuwa kesho yake. Nikajiuliza, mbona mimi? Mimi niko na studio ndogo hapa Mweiga, napiga picha za paspoti, harusi na mazishi. Shule niliachia kidato cha nne. Mtoto wangu alikuwa na miezi saba na bado ananyonya. Nikamwambia hivyo.

"Njoo tu hata na mtoto," akasema. "Kazi si nyingi. Ni kuangalia na kuweka sahihi."

Kuweka sahihi. Niliyatafuna hayo maneno usiku mzima. Mtu akitafuta mwamuzi wa tatu siku moja kabla, anatafuta mama mwenye mtoto mgongoni ambaye hatakuwa na nafasi ya kubisha. Nikaenda kwa sababu hiyohiyo.

Tulikutana katika maktaba ya sekondari. Picha zilikuwa thelathini na mbili, zimechapishwa kwa ukubwa wa karatasi ya mtihani na kupangwa juu ya meza. Nyuma ya kila moja kulikuwa na namba bila jina, chini yake kichwa kilichopigwa taipu. Wanafunzi walizipiga wakati wa likizo kwa simu za wazazi, maana shuleni simu hairuhusiwi. Zawadi ilikuwa kamera kutoka chama cha maziwa. Kanuni zilikuwa ukurasa mmoja. Mbili ndizo zilizokuwa na uzito: picha iwe imepigwa ndani ya wadi yetu, hapa Mweiga, na picha asili iletwe kwenye kadi, jinsi ilivyotoka kwenye simu, ili tuone saa na tarehe yake.

Waamuzi tulikuwa mimi, mwenyekiti, na mzee mmoja mwalimu wa sanaa aliyestaafu. Mzee ndiye aliyejua kazi. Alitufanya tuzunguke meza mara ya kwanza kimya, mikono nyuma. Mara ya pili kila mtu akaanza kuweka alama: kumi za mpangilio, kumi za hadithi, kumi za ufundi.

"Usianze na unayoipenda," akaniambia. "Anza na pembe nne. Angalia kama kuna kitu kimeingia pembeni bila kualikwa."

Nikafanya hivyo. Picha ya ng'ombe ilikuwa na ndoo nyekundu iliyokatwa nusu ukingoni, jicho likawa linakimbilia ndoo. Nyingine mbingu ilikuwa imeungua, nyeupe tupu. Namba tisa ilikuwa nyanya akimenya viazi mlangoni. Ukungu wa chembechembe ulijaa kwenye giza, ufundi si mwingi, lakini mwanga wa mlango ulikuwa umeanguka palepale kwenye kisu na kidole gumba, na hapo palikuwa pakali kabisa. Nikaipa ishirini na mbili.

Halafu kumi na nne. Kichwa chake kilikuwa "Asubuhi Kwetu Mweiga". Wanawake sita wenye makoti ya kazi wanatembea kwa mstari kwenye barabara ya vumbi, mstari unalipeleka jicho hadi mlimani, na mlima uko wazi hadi theluji. Mmoja wao amegeuza kichwa nyuma.

"Hiyo ndiyo yenyewe," mwenyekiti akasema kabla hata sijashika penseli. "Hiyo itakaa vizuri kwa kalenda ya chama cha maziwa."

Hapo nikajua kwa nini niliitwa. Penseli zenyewe alitugawia yeye, ati kalamu ya wino inachafua karatasi. Penseli inafutika.

Nikaiinua hiyo picha nikaipeleka dirishani. Sisi wa Mweiga, mlima uko mashariki kwetu. Asubuhi jua linatoka nyuma yake, mlima unakuwa mweusi na vivuli vyote vinakuja kwako. Kwenye hii picha, vivuli vya wale wanawake vilikuwa virefu, vya asubuhi, lakini vimelala kulia. Na mlima ulikuwa umeangazwa ubavu wa kushoto.

"Hapa si Mweiga," nikasema.

"Sasa mama, mlima ni mmoja," mwenyekiti akacheka. "Ama wewe uko na mwingine?"

"Jua nalo ni moja. Asili iko wapi?"

Kadi ilikuwa na picha asili thelathini na moja. Namba kumi na nne ilikuwa nakala iliyotumwa kwa simu, imebanwa. Nilipoikuza kwenye kompyuta ya maktaba, nyuso zikavunjika kuwa vimiraba, na saa haikuwepo. Nikaandika sifuri kwenye ufundi, nikaikandamiza penseli mpaka karatasi ikatoboka. Mtoto akaanza kulia. Nikamnyonyesha nikiwa nimesimama, hasira imenipanda, nikadai mwenye picha aitwe.

Akaja msichana wa kidato cha pili, sweta imemzidi. Nikamuuliza mbele ya wote, "Hii picha umeiba wapi?"

Mzee akanitazama, halafu akamvutia msichana kiti kando yake.

"Keti, binti. Ulisimama wapi ukiipiga?"

"Kwa kona ya shamba la ngano."

"Hapa?"

"Hapana, Timau. Nilienda kwa mama likizo. Yeye anafanya kazi kwa shamba la maua huko." Akaweka kidole kwenye yule mwanamke aliyegeuka. "Huyu ndiye mama. Alikuwa ananiambia nirudi nyumbani na nimpelekee simu yake kwa geti. Simu iko na yeye, ndiyo maana asili hakuna."

Nikainama. Sura ya yule mwanamke ilikuwa wazi kabisa kwenye karatasi: kukasirika na kucheka pamoja, ile sura unayomtolea mtoto wako tu. Nilikuwa nimekaa na hiyo picha robo saa. Nilipima vivuli na mlima, na uso wa mama sikuuangalia.

"Na hiki kichwa?" mzee akauliza.

"Mimi niliandika 'Mama Anachelewa'. Na Timau niliandika."

Tukamgeukia mwenyekiti. Akasugua shingo. "Nilirekebisha kidogo tu. Ingetolewa kwa sababu ya wadi, na ni picha nzuri. Nilikuwa namsaidia mtoto."

"Ulikuwa unaisaidia kalenda," nikamwambia. "Umemfanya mwongo na yeye hajasema uongo. Na mimi umenifanya nimmalizie."

Kanuni haikuwa na mlango wa nyuma. Timau si wadi yetu. Kumi na nne ikatoka, namba tisa ikashinda, na kamera ikaenda kwa mjukuu wa yule nyanya wa viazi. Mzee alitoa kalamu mfukoni mwake, tukaandika alama upya kwa wino, na mwenyekiti akaandika pia.

Nilimwomba yule msichana msamaha palepale, kwa sauti ileile niliyomwitia mwizi, ili waliosikia la kwanza wasikie la pili. Akaitikia tu. Sidhani ulimfika. Lakini hakuondoka.

"Madamu, kama ingekuwa ndani ya wadi, ungenipa ngapi?"

"Hadithi kumi. Mpangilio tisa. Ufundi nane."

"Tatu zimeenda wapi?"

Nikamwonyesha. "Barabara imeinama kushoto. Na huyu wa mwisho umemkata miguu. Ungerudi nyuma hatua mbili."

Akaitazama picha, akanitazama mimi kana kwamba sijui kitu.

"Nyuma kulikuwa na mtaro," akasema, akaichukua picha yake akatoka nayo.