Sauti ya Mama Ndani ya Mwangwi wa Ukumbi

Kazi yangu ni kusafisha sauti. Nina chumba kimoja Ngara, juu ya duka la jumla la vyombo vya plastiki, na kutani nimepigilia magodoro makuukuu ili nisikie ninachofanya. Wateja wengi ni watu wa kanisa, na nina ugomvi wa kudumu na wanaowajengea kumbi: bati juu, vigae chini, vioo kila upande, kisha wanashangaa mahubiri yanaposikika kama yamesemewa ndani ya tangi la maji.

Asubuhi moja alipanda mwanamke wa makamo kutoka mtaa wa Woodley, simu mkononi. Mama yake aliongoza akina mama wa kanisa kwa miaka mingi, na siku ya kumuaga alipostaafu uongozi, mbele ya ukumbi uliojaa, alimtaja bintiye katika hotuba. Binti hakusikia. Alikuwa nyuma ya jengo akipakua pilau. Miezi michache baadaye mama aliugua koo, na madaktari wakakiondoa kisanduku chake cha sauti; tangu hapo hawezi kusema.

"Ameniandikia vile alisema," binti aliniambia. "Lakini kuandikiwa si kuambiwa, fundi. Nataka kumskia."

Nilimuuliza kama mitambo ya kanisa ilirekodi, maana sauti inayotoka moja kwa moja kwenye maikrofoni haina mwangwi mwingi. Haikurekodi. Kilichobaki ni simu ya jirani aliyeketi safu ya mwisho, na huko nyuma kila neno lilikuwa limeshagonga bati na vigae mara nyingi kabla ya kufika, likalifunika neno lililofuata.

Bahati ilikuwa moja. Kabla ya hotuba, kiongozi wa shughuli aliwaomba watu makofi ya kilo, yale ya kupigwa pamoja kwa mpigo, na wakamalizia kwa kofi moja zito, wote pamoja. Nililipenda sana kofi hilo. Baada yake hakukuwa na sauti nyingine ila ukumbi wenyewe ukinguruma hadi kunyamaza, kwa hiyo niliweza kupima mwangwi unachukua muda gani kufa. Nikakipa kipimo hicho chombo cha kompyuta kinachopunguza mkia wa sauti.

Mama alikuwa akisema Kikamba, sentensi moja moja, na mkalimani akimfuata kwa Kiswahili. Mimi Kikamba sikijui. Basi nikawa nasikiliza Kiswahili, nikikaza chombo mpaka maneno ya mkalimani yakatoka makavu na safi. Nilivimba kichwa. Nikamwita binti aje.

Alivaa vipokea sauti, akasikiliza, kisha akavivua polepole.

"Mkalimani namskia poa kabisa," alisema. "Lakini mathe kila akianza, maneno ya kwanza haziko. Umemkata."

Niliona aibu, na nitaisema wazi: nilikuwa nimemsafisha mtu asiye wangu. Mkalimani alikuwa na sauti ya radi. Mama, mwenye sauti ya chini, alianza kila sentensi kabla ngurumo ya yule haijafa, na chombo kikayachukua maneno yake kuwa mkia wa mwangwi, kikayafagia. Kwa hasira ya kujikasirikia nilikunywa chai niliyokuwa nimemwekea yeye.

Nilianza upya kutoka rekodi ya awali. Nilizitenganisha sehemu za mama na za mkalimani, nikakilegeza chombo kwake, nikapandisha kidogo sauti za juu zinazobeba s na t. Binti alikaa kando yangu siku mbili, akiinua kidole kila neno lilipopotea. Nililazimika kumwachia mama mwangwi fulani. Ulikuwa ndani yake kama moshi ndani ya sweta, na nikiukamua wote naye anaondoka.

Jumamosi nilienda Woodley na rekodi hiyo na spika ndogo. Sikuwa nimewahi kumpelekea mteja kazi nyumbani, lakini hii nilitaka kuiona. Mama alikuwa sebuleni, skafu shingoni, akanipa mkono na kunionyesha kiti. Binti aliketi mkekani miguuni pake.

Nikabonyeza. Sauti ilitoka ya mbali kidogo, lakini kila neno lilisimama peke yake. Mama alikunja uso, akasikiliza. Kisha midomo yake ikaanza kusogea. Alikumbuka hotuba yote, na midomo ikaenda sawa na spika, sentensi kwa sentensi.

Ilipofika sehemu ya binti, alimwinamia, akamshika mashavu, akamtazama machoni, na maneno ya Kikamba yakatoka kwenye spika huku midomo yake ikiyasema. Binti hakuiangalia spika hata mara moja.

"Nimeskia, mama," akamjibu.