Neno "Kwanza"

Ruqiya, fundi wa kompyuta katika ofisi moja mjini Garissa, alikuwa amefeli mtihani wa usalama wa mitandao mara mbili, na sasa alikuwa akijiandaa kwa mara ya tatu. Mwenzake Kerrow akamsomea swali refu la mazoezi lenye majibu manne ya kuchagua: virusi vimefunga kompyuta ya karani, mkurugenzi anafoka anataka mafaili yake. Fundi afanye nini kwanza?

"Ayarudishe kutoka kwenye nakala za akiba!" Ruqiya akadakia.

"Umenaswa tena, abaayo, dada yangu. Wameuliza "kwanza". Kununua programu mpya ya kinga hakuzuii kitu sasa, kata jibu hilo. Kurudisha nakala ni sawa, ila baadaye, maana virusi bado viko mtandaoni, kata. Kuandika ripoti kunaweza kungoja, kata. Imebaki kuitoa kompyuta kwenye mtandao."

Ruqiya akapiga meza. "Wallahi, hata mbuzi mgonjwa kwetu Elwak hutengwa kabla ya kutibiwa! Nalijua hilo!"

"Mbona basi hulichagui?"

Ruqiya akakumbuka: kila siku kazini alikuwa akimtii anayefoka. Akaivuta karatasi ya swali, akaacha majibu yote, akalikata neno "mkurugenzi" kwa kalamu mpaka karatasi ikachanika.