Safu ya Mwisho ya Ripoti

Nyakerario alikuwa amepigwa mara mbili tu tangu azaliwe, na si kwa sababu baba yao alikuwa mpole. Mpole wapi! Mzee yule alikuwa na bakora iliyojua njia ya mgongo wa kila mtu pale nyumbani kwao Nyamira, na ilipoinuliwa kwa ajili ya msichana, kaka yake Nyakundi alijitupa mbele ikamshukia yeye. Kovu lilibaki juu ya sikio lake la kushoto, refu kama kidole, na nywele hazikuota hapo tena. Ni Nyakundi huyohuyo aliyeacha shule akaanza kuchuuza ndizi kutoka Ogembo ili mdogo wake asome kompyuta. Alimwita Magokoro, yaani bibi, kwa kuwa alipewa jina la bibi yao, na hata alipokuwa na hasira za kuua mtu, neno hilo alilitamka taratibu.

Na hasira alikuwa nazo, tusidanganyane. Miaka minne nyuma, vibanda vya soko la Nyansakia, juu kidogo ya Keroka, vilipogawanywa kwa karatasi na foleni, watu walikanyagana, mawe yakaruka, na Nyakundi akamvunja mtu taya. Alikaa jela miezi minane. Alipotoka alimwapia dada yake kwamba hatainua mkono tena, na Nyakerario akaapa kimoyomoyo kwamba foleni ile haitarudi.

Kwa hiyo soko lilipojengwa upya na kamati ikataka ugawaji ufanyike kwa simu, yeye ndiye aliyempelekea kazi hiyo bosi wake, Sagar, kijana aliyekuwa na ofisi ndogo ya programu mjini Kisii, juu ya duka la vyombo la baba yake. Kazi ya Nyakerario pale ilikuwa kuipiga programu mpaka ianguke kabla wateja hawajaiangusha. Alitengeneza watumiaji wa bandia, hamsini, mia, mia nne, akawaachilia waingie kwa pamoja, kisha akasoma nani alijibiwa, baada ya muda gani, na nani alifukuzwa mlangoni.

Alhamisi, siku mbili kabla ya ugawaji, jaribio la mwisho lilikamilika. Sagar aliipiga picha ripoti kutoka kwenye kioo cha kompyuta na kuirusha kwenye kundi la kamati, akaandika chini yake: tuko sawa. Nyakerario aliiona, akainuka hadi kwenye meza yake.

"Bosi, umeisoma hii kweli?" alimuuliza.

"Nimeisoma. Angalia safu ya kati. Hata watu mia nne wakiingia pamoja, sekunde tatu."

"Hiyo ni nusu yao. Nusu walijibiwa ndani ya sekunde tatu. Nusu nyingine je?" Aliweka kidole kwenye kioo. "Tazama safu ya asilimia tisini na tano, muda ambao watu tisini na watano katika kila mia walikuwa wameshajibiwa. Watu hamsini, sekunde moja. Mia, sekunde mbili. Mia mbili, sekunde kumi na moja. Mia nne, thelathini. Na ya tisini na tisa nayo thelathini. Unajua kwa nini zimelingana?"

Sagar alijua. Simu zilipangwa kungoja sekunde thelathini tu, kisha zikate tamaa. Namba ile haikusema kwamba watu walijibiwa katika sekunde thelathini, ilisema kwamba kungoja kulikatwa hapo.

"Sasa nenda safu ya mwisho, ya makosa," Nyakerario akaendelea. "Kwa watu hamsini, sifuri. Mia, chini ya mmoja kwa mia. Mia mbili, wanne kwa kila mia. Mia nne, ishirini na wawili. Huu si mteremko, bosi, hili ni genge. Ukivuka mia unaporomoka."

"Lakini mlango wa kuchagua vibanda utakuwa wazi kwa saa thelathini. Wafanyabiashara ni elfu moja na mia mbili. Hao ni arobaini kwa saa."

Hapo ndipo Nyakerario alipomkasirikia waziwazi. Mtu amezaliwa Kisii, kila Jumamosi duka la baba yake linakauka wateja, na bado anagawanya watu kwa saa kama ugali! Nusu ya soko ni Wasabato. Ndiyo maana kamati iliamua mlango ufunguliwe Jumamosi jua likishazama, saa kumi na mbili na dakika arobaini, ili anayeshika Sabato asipunjwe na asiyeshika. Na kwa kuwa anayetangulia ndiye anayepata, hakuna hata mmoja ambaye angengoja Jumapili. Wote wangebonyeza dakika ileile.

Sagar akampigia simu mwenyekiti wa kamati, Onyancha, mzee wa sauti nzito, akaiweka simu mezani wote wasikie. Nyakerario aliomba watu waingizwe kwa makundi ya themanini themanini, au siku isogezwe.

"Kundi la kwanza litakuwa la nani, binti yangu?" Onyancha akauliza. "Nikiwachagua watanichomea nyumba. Nikisogeza siku wataniua. Picha nimeiona, imeandikwa tuko sawa. Wacha hivyo."

Nyakerario angeweza kukataa, kugoma, au kuandika mwenyewe kwenye lile kundi. Hakufanya hivyo. Alichofanya ni kwenda kwa kaka yake Ijumaa, kabla jua halijazama, akamkuta akipanga mikungu, na kumpa ushauri ambao aliuona ni wa busara sana.

"Kesho mtandao utasumbua. Simu ikikuandikia kosa, usigombane na mtu. Kosa maana yake hakuna kilichofanyika. Jaribu tena tu."

"Nataka kibanda mia moja na kumi na nne, Magokoro. Kile cha kona. Jasper wa viazi naye anakitolea macho."

"Jasper atachukua chake. Wewe jaribu tena tu."

Jumamosi jioni Nyakerario alikaa na Onyancha kwenye chumba cha kamati pale sokoni, kompyuta mbele yake, dirisha likitazama vibanda vipya. Watu walijaa kila upenyo, simu mkononi, kila mmoja amesimama kwenye kibanda alichokitamani. Nyakundi alikuwa kwenye kona, panga la kukatia ndizi likiwa juu ya mikungu yake. Jasper, muuza viazi, alisimama hatua mbili kutoka kwake, mbele ya mia moja na kumi na tano.

Mlango ulifunguliwa. Watu themanini, wakajibiwa. Mia mbili, mistari ikaanza kupanda. Mia nne na kumi na mbili, na ile safu ya tisini na tano ikakwama kwenye thelathini, vilevile kama kwenye picha. Makosa kumi na tisa kwa mia, ishirini na nne, thelathini, maana kila aliyekataliwa alibonyeza tena na kuongeza mzigo. Huko nje kelele zilianza upande wa nguo, mtu akavutwa shati, meza ikapinduka.

Nyakerario alimwona kaka yake akiangalia simu. Alimwona akingoja. Alimwona akikunja uso, kisha akafanya kama alivyofundishwa, akajaribu tena. Jasper wakati huo alikuwa amepata jibu lake, akainua simu juu na kucheka.

Nyakundi aliinua kichwa. Simu yake ilikuwa imemwandikia kwamba kibanda 114 kimeshachukuliwa.

"Umechukua changu?" alimuuliza Jasper.

"Nani alikuambia ni chako?" Jasper akasema, bado anacheka. Ulikuwa mzaha tu, mzaha wa majirani wa kila siku.

Panga lilimkuta Jasper kwenye mkono uliokuwa umeshika simu, na simu ikaanguka pamoja na vidole viwili. Alipiga yowe moja. Pigo la pili lilimwingia shingoni, akakaa chini juu ya gunia la viazi, damu ikimtoka kwa mikupuo, akashika shingo kwa mkono uliokatwa vidole kana kwamba angeweza kuizuia. Nyakundi alisimama akimtazama, panga likiwa limening'inia, uso wake umekuwa mtupu.

Kisha soko zima likamgeukia. Waliokosa vibanda, waliokaa sekunde thelathini wakingoja kitu kisichokuja, sasa walikuwa na mtu wa kumlaumu. Jiwe la kwanza lilimvunja meno. Mbao zilinyofolewa kwenye vibanda vipya kabisa, mabati yakang'olewa, mtu akampiga Nyakundi na mguu wa meza mgongoni hadi akapiga magoti. Vioo vya chumba cha kamati vilipasuka, na Onyancha akaanguka kando ya kabati, paji la uso limechanika.

Nyakerario alitoka mbio. Alisukuma watu, aliuma mkono wa mtu, alifika pale chini na kujilaza juu ya kaka yake mwili mzima. Ubao ulimshukia begani. Jiwe likampata jichoni. Mtu alimpiga teke la mbavu mara tatu, akihesabu kwa sauti, na yeye hakujitoa, alikishika kile kichwa chenye kovu na kukiminya kifuani kwake mpaka mabomu ya machozi ya polisi yalipoanza kulipuka. Jasper alikata roho kabla gari lililombeba halijafika hospitali ya Keroka.

Asubuhi ya Jumapili, jicho moja limefumba kwa uvimbe, Nyakerario aliwasha kompyuta ofisini. Sagar alisimama nyuma yake. Nyakerario alifungua daftari la mfumo, linaloandika kila ombi na saa yake, akatafuta kibanda 114, akasoma mstari mmoja.

Ombi la Nyakundi liliingia saa kumi na mbili na dakika arobaini, sekunde hamsini na mbili. Simu yake ilikata tamaa baada ya sekunde thelathini na kuandika kosa. Lakini seva, kompyuta inayopokea maombi yote, haikujua kwamba simu imekata tamaa. Ilikuwa bado inapambana na foleni yake, na sekunde kumi na sita baadaye ikaandika: kibanda 114, Nyakundi. Alipojaribu tena, mfumo ukamjibu ukweli, kwamba kibanda kina mwenyewe. Mwenyewe huyo alikuwa yeye. Jasper alikuwa amepata 115, jirani yake.

Nyakerario aliirudia ile picha ya Alhamisi. Ishirini na wawili kwa mia. Alikuwa amemfokea Sagar kwa kusoma nusu ya ripoti, na safu hii ya mwisho yeye mwenyewe alikuwa ameisoma nusu. Ilihesabu kile simu zilichokiona, wala haikusema seva ilifanya nini baada ya hapo. Alijua kwamba jambo kama hilo huweza kutokea, alifundishwa chuoni, na hakukagua.

Mchana polisi walimruhusu kumwona kaka yake kituoni. Midomo ya Nyakundi ilikuwa imevimba, maneno yakimtoka kwa shida. Alisogea kwenye nondo.

"Magokoro. Nani alikichukua?"

Angeweza kumdanganya. Njia nzima kutoka Kisii alikuwa akiupanga uongo huo, na ulikuwa uongo mzuri.

"Ni wewe," akasema. "Kiliandikwa jina lako. Kilikuwa chako tangu mara ya kwanza."

Nyakundi alizishika nondo, kovu likiwa limepasuka upya juu ya sikio.

"Lakini uliniambia," akasema taratibu, "kosa maana yake hakuna kilichofanyika."

"Nilikuambia," Nyakerario akajibu.