Asubuhi Rosenda Alipoacha Salamu

Kwa miaka kumi na sita Rosenda Pilco alikuwa mtu wa kwanza pale kijijini Runtuloma kuutazama mlima kila kulipopambazuka. Hakuwa msomi. Alikuwa na ng'ombe watano, shamba la viazi, simbilisi wanaopiga mluzi chini ya meza ya jikoni, na simu aliyopewa na kituo cha wataalamu wa volkano huko Quito, mji mkuu. Mlima wenyewe watu waliuita Bibi, maana ukikohoa kila mtu hunyamaza.

Kazi yake ilikuwa kuandika anachokiona. Asubuhi aliandika: "Umeamkaje, Inge? Bibi ameamka na moshi mweupe, unaelekea magharibi. Usiku kanguruma mara mbili." Inge ni injinia, na pale kijijini kila msomi wa kituo ni Inge. Mzee aliyepokea ujumbe wake kituoni miaka yote hiyo alijibu: "Nimeamka salama, mama Rosenda. Na nyumbani? Madirisha yalitikisika?" Baada ya hapo hapakuwa na salamu tena. Ilikuwa swali na jibu, swali na jibu, mpaka wingu lifunike kilele. Kesho yake walianza upya na salamu. Hakuna aliyewahi kuwafundisha kufanya hivyo.

Mzee alistaafu mwezi wa pili, akaja Iván Recalde, kijana aliyesomea ng'ambo. Rosenda alipomwamkia huyo, alijibiwa: "Moshi urefu gani?" Siku ya pili: "Tuma picha." Siku ya kumi: "Rangi?"

Rosenda alivumilia. Kisha mlima ukamwaga majivu siku tatu mfululizo, nyasi zikageuka kijivu, na ng'ombe wake mweusi, Golondrina, akala majivu hayo hadi akafa. Alimwandikia Iván akiwa amekaa kando ya mzoga: "Umeamkaje, Inge. Golondrina amekufa. Nimemlea tangu ndama."

Jibu lilikuja upesi. "Majivu yana unene gani hapo?"

Wifi yake, Targelia, ambaye nyumba zao zinapakana kwa ukuta wa mawe, alisoma ujumbe ule juu ya bega lake.

"Haa! Wifi, huyo amekupa pole au amekupa mtihani?"

"Nyamaza, Targelia."

"Mimi nilimwacha mume wangu kwa uchache wa maneno, wewe unamvumilia mtu ambaye hata kukulisha hakulishi!"

"Jumapili nairudisha simu yao. Watafute macho mengine."

"Macho ya nani? Ya kwangu? Mimi sioni hata sindano."

Hapo ndipo palipokuwa na uzito. Nyumba ya Rosenda iko juu ya korongo la Sigse, na mtu akisimama mlangoni pake huliona korongo zima tangu linapoanzia chini ya kilele. Chini kabisa, barabara kuu hulivuka kwa daraja, na mabasi ya mji wa Baños hupita hapo kutwa. Kifaa cha kusikilizia mitikisiko kilichofungwa juu ya korongo kilikuwa kimezikwa na majivu yale yale, na hakuna aliyethubutu kupanda kukifukua. Rosenda akiondoka, korongo halina mlinzi wa kuonya tope la mlima likishuka.

Hakutaka kuondoka kama mwizi. Jumamosi alimtumia Iván ujumbe wa sauti, huku akimenya viazi.

"Inge, ninakuaga, ila nikuambie kwa nini. Wewe unaona mazungumzo yetu hayajakatika tangu mwezi wa pili, kwa hiyo salamu ya nini. Sawa. Lakini mimi nalala, naamka, na usiku mzima nimekaa chini ya mlima huu. Asubuhi, kabla hujaniuliza moshi, niulize kama nipo. Nikishasema nipo, uliza unachotaka, hata mara hamsini, sitaki salamu tena hadi kesho. Na mtu akikuletea msiba, usimjibu kwa rula."

Akaiweka simu kando ya maganda. Targelia aliyekuwa mlangoni akasema, "Umemuua."

Jioni sauti ya Iván ikaja, imeshuka, kama ya mtu anayeongea na ukuta. "Mama Rosenda, samahani. Huko nilikosoma, kumsalimia mtu mara mbili katika mazungumzo yale yale ilikuwa kumpotezea muda. Nilidhani nakuheshimu. Pole sana kwa Golondrina. Nipe mpaka Pasaka."

Rosenda akampa mpaka Pasaka.

Mwanzoni kijana alizidisha. "Habari ya asubuhi, mama Rosenda, umeamkaje? Moshi urefu gani?" Sawa. Dakika mbili baadaye: "Habari tena, mama Rosenda. Rangi?" Kisha: "Mama Rosenda mpendwa, habari. Na upepo?" Targelia alicheka mpaka akashika ukuta. "Sasa anakuchumbia!" Rosenda akaandika, "Inge, tumeshasalimiana leo. Uliza tu." Kufikia mwezi wa nne alikuwa ameshika mwendo: salamu kukipambazuka, kisha kazi tupu.

Wiki moja kabla ya Pasaka mvua ilinyesha juu ya kilele tangu alfajiri. Saa kumi na mbili Rosenda alitoka na ndoo ya maziwa, akahisi kitu katika nyayo kabla ya kukisikia. Ardhi ilikuwa inatetemeka kama tumbo la paka anayekoroma. Ng'ombe wote wanne waligeuza vichwa upande mmoja. Kisha mngurumo, kama malori mia yanayoshuka bila breki, na harufu ya kiberiti na udongo uliolowa.

Akatazama juu. Korongo lilikuwa linatembea. Mvua ilikuwa imeyabeba majivu yote ya siku zile, na tope jeusi lilishuka, mbele yake limesimama wima kama ukuta, na juu yake mawe makubwa kama vibanda yalielea, yakigongana, mepesi kama maganda ya mahindi. Miaka kumi na sita, na hakuwa amejua kwamba jiwe linaweza kuelea.

Mtandao ulikuwa na nukta moja. Aliandika neno moja, "Sigse," akabonyeza.

Huko Quito Iván aliona neno hilo peke yake, asubuhi mbichi, bila habari, bila umeamkaje. Alisimulia baadaye kwamba hakusubiri picha wala hakuuliza urefu. Alikuwa ameshawapigia polisi wa barabara wafunge daraja kabla hajakaa sawa. Mwanamke yule asingeingia asubuhi bila salamu isipokuwa kuna kitu kisichoweza kungoja salamu.

Jibu lilimfikia Rosenda dakika nne baadaye. "Tumefunga."

Neno moja tu, na hakuona baridi yoyote ndani yake. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduka. Dakika ishirini hivi baadaye daraja la chini liliondoka, zima zima, kama trei inayotolewa mezani. Mabasi mawili yalikuwa yamesimama ng'ambo, abiria wametoka nje, wanatazama.

Saa nne Iván akaandika tena. "Habari, mama Rosenda. U mzima? Wifi yako je? Na ng'ombe?" Ilikuwa asubuhi ile ile, mazungumzo yale yale, hata muda wa saa tano haujapita. Lakini kati ya neno lile na hili ulimwengu mwingine ulikuwa umeanza, na mtu ilibidi aulizwe upya kama yupo.

"Tupo wote, Inge," akajibu. "Targelia analia, lakini yupo."

"Unaweza kukaribia ukingo?"

Alikwenda. Korongo lilikuwa pana mara tatu ya jana, na ndani yake lilibaki jiwe moja, refu kuliko paa la kanisa, likitoa mvuke. Aliinyoosha mikono, akahisi joto lake usoni akiwa bado mbali.

"Jiwe limebaki, bado la moto," akaandika. "Njoo ulione mwenyewe. Nitakuwa hapa."